MREJESHO: Deni la ujenzi wa nyumba, Uyole Mbeya

Niliuliza: "Mwenye nyumba ameshahamia na anagoma kumalizia milioni 6 yangu ya ufundi. Naweza kuishikilia nyumba kisheria mpaka alipe?"

Wakuu, asanteni sana. Aliyeniambia kwamba sheria zetu hazimpi fundi haki ya kuishika nyumba kwa sababu tu ameijenga, alikuwa sahihi. Ushauri wa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati wakili aliukataa papo hapo: zuio ni la mwenye maslahi kwenye ardhi yenyewe, na mimi nadai pesa tu.

Kwa hiyo nilifuata njia ya barua ya madai, kisha kesi ya mkataba mahakama ya wilaya. Kilichonibeba ni meseji zake za "nivumilie nivune viazi kwanza", maana hapo alikuwa amekiri deni. Nikashinda.

Kukaza hukumu ndiko kulikonitoa jasho. Nilitaka nyumba ikamatwe, kumbe Sheria ya Mwenendo wa Madai inailinda nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Angekuwa ameipangisha yote, mambo yangekuwa mengine. Tukaomba ikamatwe pikapu yake ya kubebea viazi. Dalali wa mahakama alipotokea, milioni 4 ikapatikana siku hiyohiyo (miujiza!).

Milioni 2 iliyobaki analipa kwa awamu zilizoandikwa mahakamani, na ya mwezi huu imechelewa. Kazi ninayoanza Tukuyu, mkataba unasema sipandishi paa kabla ya kulipwa ya kuta.