Tupeane uzoefu: nani ameacha kuhamisha fakture kwa mkono kila Ijumaa?

MamaChapa_Kampemba

Bandugu, salamu. Niko na ofisi ndogo ya uchapishaji hapa Kampemba, Lubumbashi, watu watano pamoja na mimi. Mapokezi wanaandika fakture kwenye programu moja. Mhasibu wetu anakuja Jumamosi na anafanyia kazi programu nyingine, na hizo mbili hazijuani. Kwa miaka minne, kila Ijumaa saa kumi jioni, binti wa mapokezi alikuwa anatoa fakture za wiki kwenye faili la CSV, analifungua kwa Excel kupunguza safu zisizotakiwa, analiweka kwenye flashi, kesho yake mhasibu analiingiza. Ilikula kama saa moja na nusu. Hiyo saa moja na nusu haikuniuma. Kilichoniuma ni fakture 1187.

Ilitoka Jumatano, dola 420 kabla ya TVA. Ijumaa ikahama pamoja na nyingine. Jumatatu mteja akarudi, kalenda alizoagiza zimepungua, tukakubaliana 360, binti akairekebisha palepale mbele yake. Mapokezi ikawa 360, kwa mhasibu ikabaki 420, kwa sababu Ijumaa iliyofuata tulitoa fakture za wiki mpya tu. Mteja alilipa zote 360. Kwenye vitabu akaonekana ana deni la dola 60, na miezi miwili baadaye mimi mwenyewe nikampigia simu kumdai. Alinijibu vizuri kuliko nilivyostahili. Juu ya hapo tulikuwa tumeshatangaza TVA ya 16% kwa zile 60 ambazo hazikuwepo, yaani dola 9.60. Tulipokaa kukagua miezi mitatu tukakuta fakture 11 za namna hiyo.

Tangu Machi fundi ametuwekea nakala inayokwenda yenyewe kila siku saa sita na nusu mchana. Ni mchana kwa sababu usiku tunazima kila kitu. Hatujapata tena kesi kama ya 1187, ila bado sijaiamini kabisa. Ninyi mmefanyaje, na ni wapi ilikuangusheni?

Papa_Ruashi

Mama, miye nafanya hivyo tangu zamani. Kila Ijumaa mashini inakopi yenyewe fichie zote kwenye disque ya nje, naichukua nyumbani. Mwaka jana waliiba ordinateri mbili ofisini, Jumatatu tulikuwa tunafanya kazi kama hakuna kitu. Nunua disque tu, usisumbuke na mafundi.

FundiKatuba

Papa, hiyo ya kwako ni nakala ya akiba, na usiiache. Mama anaongea juu ya kingine: programu ya fakture iwe inaipa programu ya mhasibu habari zake bila mtu kubeba flashi. Tofauti inaonekana siku ya kosa. Binti akiharibu kiasi cha fakture ya zamani leo saa nne, saa sita na nusu kosa limeshafika kwa mhasibu. Disque yako ya Ijumaa iliyopita ndiyo bado ina kiasi cha kweli. Kwa hiyo anazihitaji zote mbili.

Papa_Ruashi

Sawa, nimekusikia. Nilisoma mbio.

Kijana_Kamalondo

Mimi nimewawekea watu wawili. Jambo ni rahisi: unakumbuka namba ya fakture ya mwisho uliyohamisha, siku inayofuata unachukua zilizo juu yake. Ukitaka mambo yawe moto, weka kila dakika tano badala ya mara moja kwa siku. Hapo mhasibu anaona kila kitu kikiwa kibichi.

FundiKatuba

Kijana, kwa fakture mpya uko sawa, hazitajirudia. Lakini rudi kwa 1187. Ilishahama Ijumaa, Jumatatu namba ya mwisho iko juu yake, basi haitachukuliwa tena hata ukikopi kila dakika. Utakuwa umeweka ile Ijumaa ya Mama ndani ya mashini, na sasa inakimbia.

Mimi nachukua kila kilichoguswa ndani ya siku 45, kiwe kipya au cha zamani. Programu nyingi za fakture zinaandika tarehe ya marekebisho kwenye kila mstari, hata kama haionekani kwenye skrini. Kwa mteja wangu mmoja ambaye data yake iko kwenye SQLite ni hivi:

```
SELECT numero, code_client, devise, taux,
       montant, etat
FROM factures
WHERE date_modif >= date('now','-45 days');
```

Fakture ileile itakwenda mara nyingi, na hilo si tatizo mradi upande wa pili unaitambua kwa namba yake. Ikiwa namba ipo, inasasishwa. Ikiwa haipo, inaongezwa. Ukisahau hatua hiyo utapata 1187 arobaini na tano. Siku 45 nilizichagua ili mwezi mzima uliopita uingie, na hata ofisi ikifungwa wiki mbili nakala ya kwanza ijaze pengo lenyewe.

Angalieni pia safu ya `taux`. Huku kwetu fakture inatoka kwa dola na vitabu viko kwa franka. Msipobeba kiwango cha siku ya fakture, programu ya pili itatumia kiwango chake cha leo, na fakture iliyorudi mara ya pili itabadilika thamani bila mtu kuigusa.

YayaMizani

Mimi ni mhasibu, nahudumia ofisi sita za hapa mjini. Hapo kwenye "inasasishwa" ndipo mafundi wanatuchomea.

Tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012, vitabu vyetu vinafuata sheria zake, na andiko likishathibitishwa haliguswi. Likiwa na kosa, unaandika jingine la kulifuta, kisha unaandika lililo sawa, na yote matatu yanabaki yakionekana. Sasa kuna kijana alikuja kwa mteja wangu akaweka nakala inayoandika moja kwa moja ndani ya kanzidata ya programu ya uhasibu. Fakture ya mwezi wa pili ikarekebishwa mwezi wa nne, nakala ikaenda kimya ikabadilisha mwezi wa pili, ambao nilishaufunga na TVA yake kutangazwa. Mizania niliyoichapa na ile ya kwenye skrini zikawa mbili tofauti. Nilipoteza siku nzima nikidhani ni mimi nimechanganyikiwa.

Ninachodai sasa ni nakala iishie kwenye rasimu, nami nathibitisha Jumamosi. Fakture ya mwezi uliofungwa ikibadilika, iletwe kwenye orodha ya pembeni, niamue mwenyewe. Mama, mwulize fundi wako ameandika wapi.

Lakini sitetei Ijumaa ya mkono. Kuna mteja mwenye namba 00417. Kila Excel ilipofungua faili na kulihifadhi, ikala zile sifuri mbili akawa 417, na programu yangu ikamfungulia akaunti mpya. Mwaka mzima mtu mmoja alikuwa wawili, mmoja ana deni na mwingine ana malipo ya ziada. Tangu Excel itoke katikati, hilo limekwisha.

FundiKatuba

Yaya, kuhusu mwezi uliofungwa umeshinda. Kuhusu rasimu kwa kila kitu bado sikubali. Kwa mwenye fakture 300 kwa wiki, kuthibitisha moja moja ni kuirudisha Ijumaa kwa jina jingine.

YayaMizani

Nani kasema moja moja? Nathibitisha kwa kundi, jumla zikilingana. Na jina kwenye mizania ni langu, si lako.

Transit_Kasumbalesa

Mimi niliweka, nikatoa. Nina faili sita au saba kwa wiki, ila kila moja ni kubwa na ina gharama ndefu. Fundi alichukua dola 120. Baada ya miezi mitano programu ya fakture ikasasishwa, safu moja ikabadilishwa jina, nakala ikakwama, fundi yuko Kolwezi. Nimerudi kuandika kwa mkono, dakika ishirini, na ninasoma kila namba ninapoiandika. Kwa ofisi ya Mama labda inafaa, kwangu hapana.

Depo_ya_Dawa

Ngoja niwape ya kwetu, maana ilikuwa inasema "sawa" kila siku huku inapoteza fakture.

Umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi mashini ya mapokezi ikawaka na saa yake iko mwaka 2015. Ile betri ndogo ya bapa kwenye ubao wa mashini, CR2032, ilikuwa imekufa, na mtandao asubuhi hiyo haukuwepo wa kurekebisha saa. Hakuna aliyeangalia pembeni ya skrini. Fakture saba zikaandikwa na tarehe ya marekebisho ya 2015. Mtandao uliporudi saa ikajirekebisha, nakala ya mchana ikatafuta zilizoguswa ndani ya siku 45, zile saba haikuziona. Kesho yake pia. Daftari la nakala limejaa "sawa" tu, maana kweli ilifanya ilichoambiwa.

Tulijua Jumamosi kwa sababu tuna tabia moja: tunahesabu fakture za mwezi upande huu na upande ule, na jumla yake. Huku 212, kule 205. Tukipanga kwa namba, zile saba zilikuwa zimefuatana, ndipo tukaiangalia tarehe. Sasa tumebadilisha betri, na fundi ameongeza sharti kwamba fakture 500 za mwisho kwa namba ziende kila siku hata tarehe isemeje.

Kijana_Kamalondo

Hiyo ya betri sikuwahi kuifikiria. Swali kwa Fundi: umeme ukikatika saa sita na nusu yenyewe?

FundiKatuba

Siku hiyo inarukwa, usipojipanga. Ukiunda kazi kwa amri kama hii,

```
schtasks /create /tn "CopieFactures" /tr "C:\copie\copie.bat" /sc daily /st 12:30
```

itaruka saa yake na kusubiri kesho. Ifungue baadaye kwa mkono, uweke alama pale panaposema ifanyike mapema iwezekanavyo ikiwa saa imepita. Na kwenye ukurasa wa `Conditions` ondoa alama ya kutaka umeme wa ukutani, ambayo huwa imewekwa tangu mwanzo. Kompyuta ya mkononi iliyo kwenye betri haitakopi kitu, na haitakulalamikia.

Mama, jambo moja la mwisho la kuangalia: je, binti anaweza kufuta fakture kabisa, au anaibatilisha tu? Iliyobatilishwa ina `etat` yake na inahama vizuri. Iliyofutwa haina mstari, kwa hiyo nakala haina cha kubeba, na kule kwa mhasibu itabaki hai.

MamaChapa_Kampemba

Yaya Mizani, nimemwuliza fundi: anaandika kwenye rasimu, ila orodha ya miezi iliyofungwa hana. Atakuja Alhamisi.

Fundi, nimefungua mapokezi sasa hivi. Kutoka 1302 inaruka hadi 1304. Kwa mhasibu 1303 ipo, dola 85. Binti anasema hakumbuki.