MREJESHO: Riwaya ya maneno 90,000 kuishusha hadi 60,000

Niliuliza: "Nakataje theluthi nzima bila kuua uchungu wa mama na binti?"

Wakuu, mrejesho. Kila sura niliiandikia sentensi moja, nini kinabadilika kati ya mama na binti, sura iliyokosa sentensi nikaitoa nzima, hata ile safari ya basi Tukuyu hadi Mbeya niliyoipenda mno, ila kwanza nikachomoa kipande cha binti anavyoficha barua kwenye gunia la viazi nikakihamishia sura ya sokoni. Kufuta neno mojamoja kusingefika theluthi aisee. Sura ya mazishi sijaigusa kabisa. Dada akasoma, akauliza "hii barua ameipata wapi?", swali kama hilo ndo linaonyesha uzi umekatika, nikarudisha aya moja tu. Sasa ipo 61,000, elfu moja iliyobaki nitaitoa kwenye maelezo ya mvua na ukungu.