Kapeti za gari zenye mchanga na doa la chai: nizioshe kwa mkono, nizipeleke kwenye presha, au nihamie za mpira?

Mtoro_wa_Foleni (Dar): Wadau, nina IST yenye kapeti zake nne za kijivu zilizokuja nayo kutoka Japani. Mwezi uliopita nilienda Moshi kwenye msiba, mvua ikatunyeshea, tukapanda garini na udongo mwekundu miguuni. Jumapili iliyofuata watoto wakataka bahari, nikawapeleka Kigamboni, wakarudi na nusu ya ufukwe. Juu ya hayo, mama watoto akamwaga chai ya maziwa upande wake. Naona njia tatu: kuosha mwenyewe nyumbani, kuwapa vijana wa presha, au kuzitupa ninunue za mpira. Nipeni uzoefu.

Bosi_Kandambili: Tupa hizo nguo, mkuu. Mimi nina za mpira mwaka wa tatu sasa. Unatoa, unamwagia ndoo ya maji, unasugua, unarudisha. Dakika kumi na biashara imeisha.

MamaSwaumu: Kama kapeti ni ya kijivu, loweka kwenye jiki na sabuni ya unga usiku kucha. Asubuhi inatoka kama mpya. Mimi za nyumbani nafanya hivyo.

Fundi_Ndani (Tabata): Dada, hapo kwenye jiki naomba tusimame kidogo. Mimi kazi yangu ni kusafisha ndani ya magari. Jiki inafifisha rangi ya kapeti na kuchosha nyuzi, na haitoi wekundu wa udongo. Ule wekundu ni kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo wenyewe, na kutu haiogopi jiki. Sabuni ya unga nayo ukiizidisha inabaki ndani ya nyuzi, zinanata, na wiki mbili baadaye kapeti inashika uchafu kuliko mwanzo. Hapo ndipo watu wanasema kapeti "imezeeka" kumbe ina sabuni.

Mtoro, kosa kubwa ni kutia maji kabla ya kutoa mchanga. Mchanga hukaa chini kabisa, kwenye mizizi ya nyuzi. Ukiulowesha unaganda pale, na ukianza kusugua unakata nyuzi kama msasa. Kwa hiyo ziache zikauke kabisa kwanza, hata tope la Moshi liache ligeuke vumbi. Kisha usipige upande wa juu. Tundika kapeti kwenye kamba au ukuta mfupi, uso wenye nyuzi uangalie chini, halafu piga mgongo kwa mpini wa fagio. Mchanga unashuka wenyewe. Ukidhani umemaliza, tandaza gazeti, weka kapeti juu yake uso chini, gonga mgongo kwa ngumi mara kumi. Zikidondoka punje, hujamaliza. Za ufukweni huwa narudia mara tatu au nne.

Pwani_Tulivu (Mombasa): Nawasabahi. Hilo la gazeti nimelipenda. Niongeze tu kuwa mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hewani. Kapeti ya ndugu yangu ilikuwa kila asubuhi mbichi mbichi hata baada ya kuanikwa, mpaka alipoisuuza kwa maji matamu mara kadhaa. Maji ya kisima chetu huku yana chumvi yenyewe, kwa hiyo angalieni mnaosuuza na nini.

Kaka_Spea: Samahani, mimi langu ni kapeti ile ya chini iliyoshikana na bodi, upande wa abiria. Inalowa kila nikiwasha kiyoyozi, na inanuka. Nimeosha mara mbili, wapi.

Fundi_Ndani (Tabata): Kaka, hiyo usioshe tena. Kiyoyozi kina mpira mdogo wa kutoa maji chini ya gari. Ukiziba, maji yanarudi ndani, upande huohuo wa abiria. Washa kiyoyozi dakika ishirini, chungulia chini: kama hakuna tone linalodondoka, muone fundi auzibue. Ukikuta maji yana harufu tamu na yanateleza vidoleni, hayo ni ya rejeta, ni kesi nyingine.

Turudi kwa Mtoro. Chai ya maziwa usiiguse na maji ya moto, maziwa yanaiva ndani ya nyuzi. Weka maji baridi, gandamiza kwa kitambaa cheupe kikavu, badilisha sehemu ya kitambaa, rudia. Ikiacha kutoa rangi, ndipo unatia sabuni ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwenye lita mbili za maji. Brashi laini, kutoka pembeni kuja katikati ili doa lisipanuke. Suuza mpaka maji yanayotoka yawe meupe na yasitoe povu ukiifinya kapeti.

Bosi_Kandambili: Na presha je? Mbona vijana wanamaliza kwa dakika mbili?

Fundi_Ndani (Tabata): Presha siikatai kwa mpira. Kwa kapeti, ukikaribiza sana inang'oa nyuzi, na ukiwa mbali inasukuma mchanga uliobaki uende chini zaidi. Wanakurudishia kapeti inayong'aa juu na inayotiririka maji, unaitandika hivyo hivyo. Siku ya tatu gari inanuka soksi. Mimi huikunja na taulo kuukuu, naikanyaga, kisha naianika siku nzima mgongo ukiangalia jua. Nikitaka kujua imekauka, nagandamiza tishu katikati kwa dakika moja.

Na wewe wa mpira, unazipaka nini baada ya kuosha?

Bosi_Kandambili: Ile dawa ya kung'arisha matairi. Zinapendeza balaa.

Fundi_Ndani (Tabata): Ndiyo maana nimeuliza. Ile ni silikoni. Kisigino kinateleza ukiwa kwenye breki. Osha kwa sabuni na brashi, iache na weusi wake mfu. Wengine wanatoa grisi kwa petroli au dizeli, mpira unavimba na kujikunja kingo. Na msiweke ya mpira juu ya ya kapeti upande wa dereva. Mwaka 2009 Toyota waliita magari kama milioni 3.8 kule Marekani kwa ajili ya mati kunasa kanyagio la mafuta. Ndoano za sakafuni zimewekwa kwa sababu.

Pwani_Tulivu (Mombasa): Hata hivyo mpira nao una lake. Mchanga unabaki juu yake, ukikanyaga unasikia *kwaru kwaru*, na maji yakimwagika hayana pa kwenda, yanaogelea mpaka kwenye kapeti ya bodi. Mimi nina za mpira zenye kingo za juu, na bado natamani zile za nyuzi wakati wa kiangazi.

Mtoro_wa_Foleni (Dar): Mrejesho. Jumamosi nimepiga mgongo mpaka mkono umekufa ganzi. Gazeti la kwanza lilijaa mchanga wa kutosha kutengeneza chungu cha maua, la nne likawa safi. Chai imetoka yote, harufu hakuna. Kilichobaki ni wekundu kwenye sehemu ya kisigino cha dereva, duara la ukubwa wa kisahani. Nimejaribu siki, imefifia kidogo.

MamaSwaumu: Weka ndimu na chumvi, mwanangu. Kwenye shuka za watoto inatoa kutu.

Fundi_Ndani (Tabata): Hapo dada uko sawa nusu. Ukali wa ndimu kweli unalegeza kutu, lakini juisi ina sukari, itanata, na chumvi tumeshaisema. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, usiiache zaidi ya dakika kumi, usuuze sana. Usichanganye na jiki hata tone, inatoa hewa mbaya kifuani. Ila sehemu ya kisigino huwa nyuzi zimeshalika, na nyuzi zilizolika zinashika rangi. Sikuahidi.

Mtoro_wa_Foleni (Dar): Nimejaribu kona moja. Imeng'aa kuliko kapeti nyingine yote. Sasa nina doa jeupe.

Bosi_Kandambili: Za mpira zipo, mkuu. Nasema tu.