Tupeane uzoefu: mgeni wa nje akighairi, maneno ya sera yako yanakulinda?

Mwenye Vyumba Sita, Jambiani
Habari zenu wapendwa. Naanza na langu. Mgeni wa Ujerumani aliweka nafasi ya usiku 5 kuanzia tarehe 12 Agosti, dola 80 kwa usiku, jumla 400. Akalipa kianzio cha asilimia 30, yaani 120. Sera yangu inasema anayeghairi zikiwa zimebaki chini ya siku 14 harudishiwi kianzio. Akaghairi tarehe 3 Agosti, zimebaki siku 9. Nikamjibu kwa upole kwamba kianzio hakirudi. Akanitumia picha ya tovuti yangu ya Kijerumani: mimi mwenyewe nimeandika "Kaution". Akasema hiyo kwa desturi hurudishwa yote. Nilibishana naye siku tatu, mwisho nikarudisha 60 na ada ya benki juu yangu. Chumba kilikaa kitupu. Wenzangu mmeandikaje?

Dereva wa Kaskazini
Pole sana dada. Mimi nina nyumba ndogo Karatu, nachukua dola 50 mgeni akifika, akivunja kitu nakata humo, asipovunja namrudishia. Sijawahi kugombana na mtu.

Mkalimani wa Malindi
Kaka, hiyo yako ndiyo "Kaution" hasa: pesa ya kukinga uharibifu. Dada alitaka "Anzahlung", malipo ya mwanzo ya bei yenyewe. Neno la Kiingereza linalotumika hapo, "deposit", hubeba maana zote mbili, ndiyo maana aliyetafsiri kutoka Kiingereza aliangukia lisilofaa.

Kwa Waitaliano, ambao ndio wageni wetu wengi huku, kuna mtego mkubwa zaidi. Ukiandika "caparra", mgeni akighairi unabaki nayo, sawa. Lakini sheria ya kwao inasema pia kwamba aliyeipokea akivunja makubaliano anarudisha mara mbili. Jirani yangu alipokea watu wengi kuliko vyumba, familia moja ikamdai mara mbili ya walicholipa. "Acconto" ni malipo ya mwanzo tu, hayana adhabu hiyo, ila kwa kawaida hurudi mpango ukivunjika. Wafaransa nao wana "arrhes", inayofanana na "caparra", na "acompte", ambayo ni malipo ya mwanzo lakini kwao humfunga mgeni kwenye mpango wote. Sheria zao huenda zisikufikie Jambiani, lakini mgeni anasoma kwa akili ya kwao.

Bibi wa Mji wa Kale, Mombasa
Mwanangu, hiyo "arrhes" ni ndugu wa arubuni yetu. Asili ni moja, na sisi wenyewe tulikuwa tukiitoa dukani tukijua ukirudi nyuma umeiacha.

Meneja wa Zamu
Mnajisumbua. Andikeni kwa Kiingereza pekee, herufi kubwa, HAIRUDISHWI, halafu mgeni abonyeze amekubali. Hapo hana la kusema.

Mkalimani wa Malindi
Kukubali kwa kubonyeza kunasaidia kweli, maana kuna ushahidi. Lakini aliyelipa kwa kadi, asichokielewa atakipinga kwenye benki yake, na huko utaulizwa alisoma nini. Na herufi kubwa zinamfokea hata ambaye hajakosa. Usitegemee jina la pesa libebe sera. Sema pesa itaenda wapi, kwa tarehe na kiasi, ukianza na anachopata:

"Ukighairi hadi tarehe 29 Julai 2025, kabla ya saa sita usiku kwa saa za Zanzibar, tutakurudishia dola 120 zote. Kuanzia tarehe 30 Julai, dola hizo 120 zitabaki kwetu, kwa sababu chumba tumekuwekea wewe na hatukumpa mwingine. Hutadaiwa kitu zaidi."

Mwezi uandikwe kwa jina. Tarehe 7/8 kwa Mmarekani ni Julai 8. Kisha mpe mtu mwingine anayejua lugha hiyo, asiyeiona sera ya Kiswahili, akueleze kwa maneno yake atapata kiasi gani. Akikosea hesabu, tafsiri ni mbovu.

Mwenye Vyumba Sita, Jambiani
Asante sana mwalimu. Nimegundua kosa jingine langu: niliandika "kwa kawaida haturudishi" nikidhani ni adabu. Yule mgeni alilishikilia hilo hilo, akauliza isiyo ya kawaida ni ipi.

Mama Watoto, Kigamboni
Na msiba je? Mimi nimeandika kwamba aliyefiwa au kulazwa anahamisha tarehe ndani ya miezi 12 bila kulipa. Wawili wameitumia, mmoja hakuonyesha cheti chochote.

Mkalimani wa Malindi
Mimi singeandika, ningeamua kila kisa kikija. Ukiliandika, lazima useme cheti gani na cha lugha gani.

Mama Watoto, Kigamboni
Hapana, mwalimu. Aliyefiwa hawezi kuanza kuomba huruma kwa barua pepe. Nitaliacha pale pale.

Mwenye Vyumba Sita, Jambiani
Hilo bado linanipa shida. Kuna anayejua Kipolandi? Tangu mwaka jana wanakuja wengi, na sijui neno nililoweka pale lina maana ipi kati ya hizo mbili.