Mhariri kanifutia aya, eti "tukio moja, jicho moja". Nimechoka!

Wakuu, nina hasira toka juzi, acheni nizimwage hapa.

Nilipeleka hadithi fupi kwa mhariri mmoja hapa Dar, simtaji. Kairudisha na wino mwekundu aya nzima ya kwanza. Pembeni kaandika: "Ama uwe juu, ama uwe ndani ya mhusika. Tukio moja, jicho moja." Basi! Wiki tatu za kukesha zimeishia hapo.

Hukumuni wenyewe:

"Saa 12 jioni kivuko kilikuwa bado upande wa Kigamboni, na Magogoni watu walijaa mpaka barabarani. Karibu na geti alisimama mwanamke mmoja mwenye ndoo ya samaki kichwani. Zubeda alihisi shingo inamuuma. Aliwaza kama barafu ingefika. Pantoni lenyewe hilo, limeganda ng'ambo kama limelipwa lisije. Na baba Asha akirudi akute jiko halijawashwa, leo patachimbika. Mwanamke huyo, mkazi wa Kibada na mama wa watoto watatu, alikuwa ameifanya biashara hiyo kwa miaka 6. Barafu hii haifiki. Haifiki kabisa."

Nimeanza mbali makusudi, nikasogea hatua kwa hatua: umati, mwanamke, jina, shingo, mpaka mawazo yenyewe. Nani kasema msimulizi akianza juu abaki huko huko kama kunguru wa Posta?

Bint Temeke: Pole kaka. Si uandike kwa "mimi" tu? "Nilisimama Magogoni na ndoo yangu." Kesi imeisha.

Mleta uzi: Dada, sizungumzii mimi na yeye. "Enzi hizo nilikuwa muuza samaki" ni "mimi", lakini iko mbali mno. "Shingo hii leo inakatika" iko karibu, na hiyo "mimi" yako haimo.

Picha Linaendelea: Mhariri hajui kazi. Mimi naandika miswada ya filamu, na hivyo ndivyo kamera inavyofanya: picha pana, halafu inasogea mpaka usoni. Aya yako iko sawa yote, usiguse kitu. Tena wewe una bahati, umejibiwa. Mimi prodyuza wangu hapokei simu tangu mwezi uliopita.

Mzee wa Gerezani: Kamera inaishia kwenye ngozi, mwanangu. "Kama limelipwa lisije" hakuna kamera itakayoipiga picha.

Mleta uzi, kuingia umeingia vizuri, na sidhani kama wewe mwenyewe umeona ulivyofanya. Juu umesema "kivuko", neno la tangazo. Ndani limekuwa "pantoni", neno la Zubeda. Hukuandika "mume wake", umeandika "baba Asha", anavyomwita yeye. "Alihisi" na "aliwaza" ni milango: umeipita, ukaiacha nyuma. Baada ya hapo "leo" ni leo yake, na "barafu hii" ni ile iliyo juu ya kichwa chake.

Kosa liko kwenye "Mwanamke huyo, mkazi wa Kibada". Hilo ni gazeti! Msomaji alishakuwa chini ya ndoo, wewe ukamrusha juu ya paa la geti akasomewe taarifa, kisha ukamtumbukiza tena kichwani mwa Zubeda bila mlango. Mhariri wako aliusikia mtikisiko, ila akakata pasipouma. Ipandishe sentensi hiyo, ikae jirani na "mwanamke mmoja", kule bado tuko mbali. Au mwachie Zubeda aiseme: "Miaka 6 na ndoo hii, na pantoni ni lile lile."

Mleta uzi: Duh. Mzee, hapo umenishika pabaya. Lakini bado aya yote haikustahili kufutwa! Na aya ya pili je? Askari wa geti anamzuia: "Alimtazama. Alijua anadanganya." Nayo kaizungushia duara.

Mzee wa Gerezani: Nani alijua, na nani anadanganya? A- yetu haina mke wala mume, na wote wawili ni a-. Ukiwa mbali unataja majina bila shida. Ukiwa ndani, Zubeda hawezi kujiita Zubeda kila sentensi. Kwa hiyo yeye abaki na a-, askari mpe alama anayoiona Zubeda: "Yule wa kizibao akamtazama. Muongo mkubwa."

Bint Temeke: Mimi nilidhani Zubeda ni mtu wa pili kabisa. Kwanza "mwanamke mmoja", ghafla Zubeda.

Picha Linaendelea: Hata mimi! Weka jina mapema.

Mzee wa Gerezani: Ukiliweka mapema umati unakufa, unakuwa pazia tu nyuma yake. Mimi ningelichelewesha.

Mleta uzi: Na mimi silitoi hapo. Sentensi ya Kibada nimeshaihamisha, nairudisha kesho kwa huyo bwana, na aya yangu ya kwanza ikiwa nzima. Akiikata tena mtanisikia humu.