MREJESHO: Hasara milioni 5, bima milioni 24, nalipwa milioni 2.7?

Swali langu lilikuwa: "Moto umeunguza kona moja ya duka la vitenge. Hasara milioni 5, bima yangu ya milioni 24. Mbona wananipa milioni 2.7?"

Wakuu, hesabu nimeiona. Mtathmini alithamini duka zima lilivyokuwa siku ya moto, sio kona iliyoungua tu. Akapata milioni 40, maana mzigo wa sikukuu ulishaingia. Milioni 24 kwa 40 ni asilimia 60, kwa hiyo wanabeba asilimia 60 ya hasara yoyote, hata ndogo. Milioni 5 ikawa 3, wakakata laki 3 ambayo mkataba unataka nibebe mwenyewe.

Nilichobishia ni ile 40. Ndani yake walihesabu vitenge vya milioni 4 vya jirani, nilivyomhifadhia tu, na mkataba wangu hauvikingi. Risiti zake zikakubalika, thamani ikashuka hadi 36, malipo yakapanda hadi 3,033,333 baada ya makato.

Wakala anasema ningeweza kuongeza kiwango katikati ya mwaka kwa kulipia miezi iliyobaki tu. Hilo angelisema mzigo ulipoingia!