Mashine inalia IE, maji hayajai: gumzo la majirani wa Goba

*Jumamosi*

Mama Nasra, 08:12
Majirani, asalaam aleikum. Mashine yangu ya kufulia imenishinda. Nabonyeza, mlango unajifunga, maji yanaingia kidogo kidogo kama machozi, ikikaa inalia na kuandika IE. Sare za watoto zimo ndani toka jana. Fundi aliyekuja jana jioni hata kuifungua hakuifungua, kasikiliza tu kasema valvu imekufa, nitoe elfu 85. Kuna yeyote ilishamtokea?

Baba Kelvin, 08:15
Waaleikum salaam. Usimpe mtu hela mama. Kule mpira unakoingia kwenye mashine kuna kachujio kadogo. Mimi nilikatoa nikatupa, maji yakaanza kuingia mwaaa!

Bibi Salome, 08:19
Yangu pia mbovu. Maji inajaza vizuri lakini nguo zinatoka zinachuruzika. Ni valvu hiyo hiyo?

Zai Friji, 08:24
Bibi shikamoo. Yako ni ugonjwa mwingine, hiyo inashindwa kutoa maji. Nitapita jioni niiangalie.
Mama Nasra, IE ni mashine inakwambia "nimengoja maji mpaka muda umeisha, hayajafika". Haijui kwa nini hayajafika. Kwa hiyo valvu inaweza kuwa mzima kabisa. Nijibu moja: ukiwasha na ukasogeza sikio pale nyuma, unasikia inavuma mmmm, au kimya?

Mama Nasra, 08:31
Inavuma dada. Mmmm ya chini chini.

Zai Friji, 08:33
Basi umeme unafika kwenye valvu. Ingekuwa kimya ningeanza kuwa na wasiwasi nayo. Elfu 85 ikae mfukoni kwanza.

Juma wa Dukani, 08:34
Dada Zai, ya shemeji yangu ilikuwa inaingiza maji saa nzima haijai. Kumbe mpira wa kutolea kaulaza sakafuni, yanaingia huku yanatoka kule 😂

Zai Friji, 08:36
Hiyo ipo sana. Mpira wa kutolea unatakiwa kupanda juu kwanza, kama usawa wa kiuno, ndipo ushuke. Lakini kwa Mama Nasra maji hayaingii ya kutosha toka mwanzo, kwa hiyo tuanzie kwenye koki.
Mama, chomoa mashine kwenye umeme. Funga koki. Fungua mpira upande wa mashine, weka ncha yake ndani ya ndoo ya lita 10, kisha fungua koki yote. Pima dakika 1 kwa simu.

Mama Nasra, 08:52
Nimepima mara mbili. Zinafika lita 6 na kidogo.

Zai Friji, 08:54
Si haba. Koki siyo iliyoziba na mpira haujakunjika. Sasa chungulia pale ulipoufungua mpira, kwenye mdomo wa mashine yenyewe. Utaona kikombe kidogo cha plastiki chenye matundu kama chujio la chai. Kishike pale katikati kwa plaizi yenye mdomo mwembamba, vuta taratibu huku unakizungusha. Usikivunje. Halafu angalia na mwisho wa mpira upande wa koki, mipira mingine inacho cha pili.

Mama Nasra, 09:10
📷
Yaa Rabi. Ni mchanga mtupu, na kitu cheupe kimeganda.

Mwalimu Temba, 09:12
Hayo ndiyo tunayokunywa?

Zai Friji, 09:15
Huo mchanga unatulia chini ya tenki, na bomba la kutolea liko hapo hapo chini. Maji yakikatika siku 3 yakarudi kwa nguvu, yanauvuruga wote unakuja ndani. Hicho cheupe ni chokaa, hasa kwa wenye kuchanganya maji ya kisima. Kiloweke kwenye siki nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza.
Na Baba Kelvin, samahani kaka, usiwafundishe watu kukitupa. Ule mchanga sasa unapita hadi ndani ya valvu, unakaa chini ya raba. Siku raba ikishindwa kufunga vizuri, maji yataingia hata mashine ikiwa imezimwa. Utaamka sebule imekuwa bahari.

Baba Kelvin, 09:17
Mwaka wa 2 huu sijaona bahari 😅

Zai Friji, 09:18
Ukiamka usiku ukakuta maji ndani ya mashine na hukuiwasha, nikumbuke.

Mama Nasra, 10:20
Nimesafisha, nimerudisha, nimekaza kwa mkono tu kama ulivyomwelekeza Nasra kwenye simu. Imejaza! Polepole, lakini imejaza, na sasa inafua. Mungu akubariki dada yangu.

Mama Nasra, 12:47
Jamani imelia tena. Ilifua vizuri, kufika kusuuza mara ya pili IE. Chujio nimelitoa tena, safi kama jipya.

Baba Kelvin, 12:48
Valvu hiyo. Fundi alikuwa sahihi.

Zai Friji, 12:53
Subiri Baba Kelvin. Mama, tenki lako limebaki na maji kiasi gani? Na mashine umeitumia muda gani bila shida?

Mama Nasra, 12:58
Tenki chini ya nusu, tumefua na magodoro leo. Mashine ina mwaka na nusu, haijawahi kusumbua. Imeanza mwezi huu baada ya kutengeneza mabomba. Zamani jikoni na bafuni maji yalitoka DAWASA moja kwa moja, yakikatika tunachota. Sasa fundi bomba kapitisha kila kitu kwenye tenki.

Zai Friji, 13:00
Hilo ungelisema saa 2 asubuhi mama yangu 😄 Mnara wa tenki una kimo gani?

Mama Nasra, 13:03
Baba Nasra anasema mita 2 za tofali, tenki limekaa juu yake. La lita 1,000.

Mwalimu Temba, 13:05
Basi tatizo limeonekana. Tenki dogo. Akiweka la lita 5,000 uzito wa maji unaongezeka, presha inapanda.

Zai Friji, 13:11
Mwalimu, shikamoo, hapo sikubaliani nawe. Presha haijui tenki lina upana gani, inajua maji yako juu kiasi gani. Mita 10 za kimo ndiyo bar 1. Kwa Mama Nasra tenki likijaa, maji yako kama mita 3 na nusu kutoka chini. Mdomo wa mashine uko mita 1 kutoka chini. Zinabaki mita 2 na nusu, yaani robo ya bar. Likifika nusu, hata hiyo robo haipo.
Mama, kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye kitabu tafuta maandishi ya MPa.

Mama Nasra, 13:20
0.05 - 0.8 MPa.

Zai Friji, 13:24
0.05 ni nusu bar, yaani mita 5 za kimo. Wewe unazo 2 na nusu siku nzuri. Mashine inakudai mara 2 ya ulichonacho.

Mwalimu Temba, 13:26
Nakubali. Mimi ni wa historia.

Juma wa Dukani, 13:27
Lakini ndoo ilipata lita 6 kwa dakika! Hizo hazitoshi kujaza?

Zai Friji, 13:35
Swali zuri Juma. Ndoo iko wazi, maji yanaanguka tu. Valvu haiko hivyo. Ndani yake kuna raba, na umeme hauiinui raba hiyo, unafungua katundu kadogo tu. Kinachoiinua raba ni presha ya maji yenyewe. Presha ikiwa ndogo, raba inanyanyuka nusu au haijongei, wewe unasikia mmmm na machozi. Asubuhi tenki lilikuwa limejaa na chujio limesafishwa, ikajikongoja. Tenki lilipopungua ikashindwa.
Ila hayo ni maneno yangu, hatujathibitisha. Mama, bomba la DAWASA la uani leo linatoka?

Mama Nasra, 13:37
Linatoka, kwa nguvu.

Zai Friji, 13:40
Tafuta mpira mrefu wa mashine, wa robo tatu, uuvute toka koki ya uani hadi kwenye mashine. Usiburute mashine uani ukaunga umeme kwa waya juu ya maji, tafadhali. Ikijaza haraka, valvu ni mzima na ugomvi wako ni presha. Ikivuma hivyo hivyo na presha yote ile, hapo nitamwomba radhi fundi wako.

Baba Kelvin, 13:42
Mpira ninao, wa mita 5. Namtuma Kelvin.

Mama Nasra, 14:31
🎤 *(sekunde 9: mlio wa maji yanayomiminika kwa nguvu, mtoto anapiga kelele "inajaa mama!")*

Mama Nasra, 14:32
Haikufika hata dakika 2!!

Zai Friji, 14:34
Elfu 85 hiyo kanunulie sukari.

Mama Nasra, 14:40
Sasa nifanyeje? Mpira wa Baba Kelvin siwezi kuukatiza sebuleni maisha yote, na DAWASA wenyewe mnawajua.

Baba Nasra, 14:44
Habarini majirani. Mimi nafikiria kuinua mnara tu. Tofali ninazo.

Zai Friji, 14:52
Shemeji, ili ufike mita 5 hata tenki likikaribia kuisha, sakafu ya mnara iwe mita 6 toka chini. Maji ya tenki lililojaa ni tani 1 nzima. Mnara wa tofali wa kimo hicho bila nondo na zege usithubutu. Mimi ningeweka pampu ndogo ya kujiwasha, ikae baada ya tenki, kabla maji hayajaingia nyumbani. Isiungwe moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA: inavuta uchafu na inatunyonya sisi wa huku juu. Na iwe ile inayojizima maji yakiisha, maana pampu ikizunguka kavu inaungua.

Baba Nasra, 14:55
Na Luku je?

Zai Friji, 14:57
Inawaka pale tu maji yanapofunguliwa. Lakini ni kweli, kila mtu akifungua koki kunawa mikono itawaka. Unaweza kuiunga kwenye bomba la mashine peke yake.

Mwalimu Temba, 15:01
Mimi niko upande wa mnara. Hauli umeme na hauungui.

Mama Nasra, 15:03
Wakati wanaume wanajenga mnara, nguo nazisuuzaje wiki hii?

Zai Friji, 15:08
Fua tenki likiwa limejaa. Ikianza kuvuma, mimina maji taratibu kwa jagi pale unapoweka sabuni, yanashuka ndani. Mashine inapima maji yaliyomo, haiulizi yametoka wapi. Utarudia kila inapotaka kusuuza, kwa hiyo usiende mbali.

Bibi Salome, 15:10
Zai, na mimi nimimine jagi?

Zai Friji, 15:11
Hapana bibi!! Yako imejaa tayari. Nakuja.